Mnepo wa boriti kwa mabano ya Macaulay: mahali kosa linapojificha na dalili zake

Mtu anayekokotoa mnepo wa boriti kwa mabano ya pembe, njia inayofahamika kwa jina la Macaulay aliyeieleza mwaka 1919, mara nyingi humaliza kazi yake kwa kuthibitisha kwamba mnepo kwenye egemeo la kulia ni sifuri. Uthibitisho huo hauna uzito wowote. Konstanti ya kwanza ya integrali imetafutwa kwa sharti hilohilo la mnepo kuwa sifuri pale kulia, kwa hiyo hata kama mlinganyo umeharibika katikati, konstanti itajirekebisha hadi ncha ya kulia irudi sifuri. Kosa litabaki ndani ya boriti bila kuonekana. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, na kwa kila dalili unatafuta kipimo kisichotegemea konstanti ile.

Mfano wetu ni boriti ya chuma yenye urefu wa mita 6 kati ya maegemeo mawili ya kawaida. Mzigo wa nukta wa kN 12 uko mita 1 kutoka kushoto, mwingine wa kN 18 uko mita 5 kutoka kushoto, na kati ya mita 2 na mita 4 kuna mzigo uliosambaa wa kN 6 kwa kila mita. Jumla ya mizigo yote ni kN 42. Ukichukua momenti kuzunguka egemeo la kulia, mwitikio wa kushoto ni kN 19, na wa kulia unabaki kN 23. Umbali x unapimwa kutoka egemeo la kushoto, na mnepo y ni chanya kuelekea juu. Milinganyo mitatu ni hii:

```
M(x)  = 19x − 12⟨x−1⟩ − 3⟨x−2⟩² + 3⟨x−4⟩² − 18⟨x−5⟩

EI·y' = 9.5x² − 6⟨x−1⟩² − ⟨x−2⟩³ + ⟨x−4⟩³ − 9⟨x−5⟩² + C1

EI·y  = (19/6)x³ − 2⟨x−1⟩³ − 0.25⟨x−2⟩⁴ + 0.25⟨x−4⟩⁴
        − 3⟨x−5⟩³ + C1·x + C2
```

Kila bano lina thamani ya sifuri mpaka x ipite namba iliyo ndani yake, na baada ya hapo hufanya kazi kama mabano ya kawaida. Kwenye x = 0 mabano yote yamelala, kwa hiyo C2 ni sifuri. Kwenye x = 6, istilahi zilizobaki zinajumlisha 684 − 250 − 64 + 4 − 3 = 371, na C1 inakuwa −371/6, yaani −61.83. Vipimo vyote hapa ni vya kilonyutoni na mita.

Momenti kwenye egemeo la kulia si sifuri

Kabla ya kugusa integrali yoyote, weka x = 6 kwenye mlinganyo wa momenti. Egemeo la kawaida halibebi momenti, kwa hiyo jibu linapaswa kuwa sifuri kamili: 114 − 60 − 48 + 12 − 18 = 0. Hakuna konstanti yoyote iliyorekebisha hesabu hii, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Ikitoka −12, sababu karibu kila mara ni istilahi ya kufunga mzigo uliosambaa. Bano ⟨x−2⟩² likishawaka haliwezi kuzima lenyewe. Linaendelea kuhesabu mzigo wa kN 6 kwa mita mpaka mwisho wa boriti, ilhali mzigo halisi umeishia mita 4. Tunalizima kwa kuongeza mzigo uleule ukielekea juu kuanzia mita 4, nao ndio +3⟨x−4⟩². Ukiusahau, momenti ya mwisho hupungua kwa 3 × 2² = 12, yaani nusu ya ukubwa wa mzigo kwa mita mara mraba wa umbali kutoka mwisho wa mzigo hadi mwisho wa boriti. Ukiona namba hiyo hasa, huhitaji kutafuta kwingine.

Sasa tazama jinsi kosa hilihili linavyojificha ukilingoja kwenye mnepo. Bila istilahi ya kufunga, jumla ya 371 inakuwa 367, C1 inakuwa −61.17, na EI·y katikati ya boriti inatoka −114.25 badala ya −116.25. Tofauti ni chini ya asilimia 2, na kwa boriti tutakayoitumia hapa chini ni kama robo ya milimita. Hakuna jicho litakaloistukia. Lakini usidhani kosa hili ni dogo siku zote, kwa sababu linakua kwa kipeo cha nne cha umbali uliobaki. Hapa mzigo unaishia mita 2 tu kabla ya egemeo, na istilahi iliyosahauliwa ina thamani ya 4 pale mwisho. Kama mzigo wa ukubwa uleule ungeishia mita 1 kutoka kushoto, istilahi hiyo ingekuwa 0.25 × 5⁴, yaani zaidi ya 156. Aliyezoea kuona majibu yake yakikaribia ukweli anaweza kuanguka vibaya siku mzigo utakapohamia upande wa kushoto.

Kama momenti ya mwisho si sifuri na wala si −12, rudi kwenye mwitikio wa kushoto. Kosa la kN 1 kwenye mwitikio huo huzaa kosa la 6 kwenye momenti ya mwisho, kwa sababu mkono wake ni boriti nzima. Kwa hiyo gawa baki kwa 6, na utajua mwitikio umepotoka kwa kiasi gani.

Momenti ya mwisho ni sifuri, lakini mnepo bado si sahihi

Hii ndiyo dalili inayosumbua zaidi, nami nimekutana nayo kwenye majedwali ya ukokotozi ya watu makini kabisa. Wakati wa kutafuta mwitikio, mzigo uliosambaa unaruhusiwa kubadilishwa kuwa mzigo mmoja wa kN 12 uliokaa katikati yake, mita 3 kutoka kushoto. Hatua hiyo ni halali. Kosa linakuja pale mzigo huo wa kuwaziwa unapoachwa uendelee mpaka kwenye mlinganyo wa momenti kama −12⟨x−3⟩. Kipimo cha mwisho wa boriti hakitalikamata: 114 − 60 − 36 − 18 ni sifuri, kwa kuwa jumla ya mzigo na kitovu chake havijabadilika. Kilichobadilika ni umbo la momenti katikati. Pale mita 3, momenti ya kweli ni 57 − 24 − 3 = 30, na ya kuwaziwa ni 33. Mnepo wa katikati nao unakuwa −119 badala ya −116.25.

Kinachokamata kosa hili ni eneo lililo chini ya mchoro wa momenti. Badiliko lote la mteremko kutoka egemeo moja hadi jingine, likizidishwa kwa EI, lazima lilingane na eneo hilo. Chora momenti moja kwa moja kutoka kwenye mizigo na nguvu mkato, bila kutazama mlinganyo wa mabano. Thamani zake kwenye mita 0, 1, 2, 4, 5 na 6 ni 0, 19, 26, 28, 23 na 0. Vipande vya mistari iliyonyooka vinatoa 9.5, 22.5, 25.5 na 11.5. Kipande cha kati, chenye mzigo uliosambaa, kina trapezi ya 54 na juu yake tumbo la parabola lenye eneo la 6 × 2³/12 = 4, hivyo jumla yake ni 58. Ukivijumlisha vyote unapata 127.

Sasa rudi kwenye mlinganyo wa mteremko. Upande wa kushoto kabisa ni −61.83. Upande wa kulia ni 342 − 150 − 64 + 8 − 9 − 61.83 = 65.17. Tofauti ni 127 kamili. Aliyetumia mzigo wa kuwaziwa atapata 129, na hizo 2 za ziada ndizo zitakazomwambia kwamba kuna kitu kimeingia katikati ya boriti yake. Kipimo hiki kinachukua dakika tano, nami sikubali ukokotozi wa mnepo ambao haukupitia hapo.

C2 haitoki sifuri

Egemeo la kushoto likiwa kwenye x = 0 na lisipozama, C2 lazima iwe sifuri. Ikitoka namba nyingine, mabano yaliyopaswa kulala yameamshwa. Kwa mfano wetu, mtu akiingiza x = 0 bila kuzima chochote, istilahi nne zinampa +2, −4, +64 na +375, na C2 yake inakuwa −437. Istilahi za mzigo uliosambaa ndizo zenye hila zaidi, kwa sababu kipeo cha nne hugeuza namba hasi kuwa chanya: (0 − 4)⁴ ni 256, namba safi isiyo na ishara ya kumshtua mtu.

Kwenye lahajedwali kosa hili huzimwa kwa kuandika kila bano hivi, ikiwa x iko kwenye seli A2:

```
=MAX(0,A2-4)^4
```

Mpangilio wa alama hizo una maana. MAX lazima ifanye kazi kabla ya kipeo. Ukiandika `MAX(0,(A2-4)^4)`, namba hasi imeshageuzwa kuwa chanya kabla haijafika kwenye MAX, na hakuna kilichozimwa. Kwenye vipeo vya tatu kosa hili halileti madhara, kwa hiyo safu za mizigo ya nukta zitatoka sahihi na safu za mzigo uliosambaa zitatoka kombo. Ukiona hali hiyo, angalia mabano ya fomula kabla ya kushuku ukokotozi wenyewe.

Hila nyingine iko kwenye nguvu mkato, ambako mizigo ya nukta inabeba kipeo cha sifuri. Hapo kanuni ya MAX inavunjika, kwa kuwa sifuri kwa kipeo cha sifuri haina jibu moja linalokubaliwa na programu zote. Excel hutoa `#NUM!`, jambo ambalo angalau linaonekana. Python hutoa 1, hivyo mizigo yote ya nukta huhesabiwa kuanzia mwanzo wa boriti, na nguvu mkato karibu na egemeo la kushoto inatoka 19 − 30 = −11 badala ya 19. Kwa kipeo cha sifuri tumia sharti la wazi:

```
=IF(A2>=5,1,0)
```

Mteremko unaruka chini ya mzigo wa nukta

Mzigo wa nukta unaruhusiwa kuikata nguvu mkato kwa ghafla na kuweka kona kwenye mchoro wa momenti, lakini mteremko na mnepo lazima vipite chini yake bila kukatika. Boriti isiyovunjika haina kona. Basi kokotoa mteremko kwa kutumia mlinganyo wa kipande cha kushoto na ule wa kipande cha kulia, vyote viwili kwenye x ya mzigo. Visipolingana, kuna mtu amefungua bano kabla ya kutafuta integrali.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Mtu anaona −12⟨x−1⟩, anaifungua kuwa −12x + 12, kisha integrali yake inakuwa −6x² + 12x. Kialjebra haonekani amekosea. Lakini −6⟨x−1⟩² ikifunguliwa ni −6x² + 12x − 6, na ile −6 iliyopotea ndiyo iliyokuwa inahakikisha kwamba istilahi inaanza na sifuri pale mzigo ulipo. Bila hiyo, mteremko unaruka kwa 6 kwenye mita 1, na mnepo unaruka kwa 4. Kwa jumla, mruko wa mteremko ni nusu ya mzigo mara mraba wa umbali wake kutoka kushoto. Hivyo mzigo wa kN 18 pale mita 5 ungeleta mruko wa 225, mara kadhaa ya mteremko wowote ulio kwenye boriti hii. Ukubwa wa mruko unakuonyesha ni bano lipi lililofunguliwa. Bano linashughulikiwa kama kitu kimoja kuanzia mlinganyo wa kwanza hadi wa mwisho, na hufunguliwa tu wakati wa kuingiza namba.

Mahali pa mnepo mkubwa kabisa panatoka pasipowezekana

Mnepo mkubwa uko pale mteremko ulipo sifuri, na mteremko una mlinganyo tofauti kwa kila kipande. Mtu akikisia kwamba sifuri iko kati ya mita 1 na mita 2, atawasha bano la kwanza pekee, atapata 3.5x² + 12x − 61.83 − 6 = 0, na jibu lake litakuwa x = 3.01. Jibu hilo si halali, kwa sababu mita 3.01 iko nje ya kipande ambacho mlinganyo huo unakitawala. Hatari yake hapa ni kwamba liko karibu sana na ukweli, hivyo mtu atalipokea kwa furaha, na kesho atatumia utaratibu uleule kwenye boriti ambayo haitamsamehe.

Utaratibu salama ni kuanza na mteremko kwenye kila mpaka. Kwenye mita 1, 2, 4 na 5 tunapata −52.33, −29.83, +28.17 na +53.67. Ishara inageuka kati ya mita 2 na mita 4, kwa hiyo tunawasha mabano mawili ya kwanza na kuacha mengine yalale. Mlinganyo ni wa kipeo cha tatu, lakini hauhitaji fomula nzito. Anza katikati, mita 3, ambako mteremko ni 85.5 − 24 − 1 − 61.83 = −1.33. Gawa hiyo kwa momenti ya mahali hapo, ambayo ni 30, na utapata hatua ya mita 0.044 kwenda kulia. Kwenye mita 3.044 mteremko umebaki kama −0.01 tu, na kazi imekwisha. EI·y pale ni −116.28.

Kuna mpaka mwingine unaostahili kukumbukwa. Kwa boriti yenye maegemeo mawili ya kawaida kwenye ncha zake na mizigo yote ikielekea chini, mnepo mkubwa kabisa hauwezi kuwa nje ya sehemu iliyo kati ya asilimia 42.3 na 57.7 ya urefu, mizigo ipangwe vyovyote. Kwa mita 6, ni kati ya mita 2.54 na mita 3.46. Jibu la mita 4.1, au la mita 5 chini ya mzigo mkubwa kama wengi wanavyokisia, ni kosa hata kabla ya kulikagua. Kanuni hii haifai pale boriti inapopita nje ya egemeo au mzigo mmoja unapovuta juu.

Namba ya mwisho haiaminiki

Tuseme boriti ni IPE 240, ikikaa wima kama inavyostahili. Momenti yake ya pili ya eneo ni sm⁴ 3892, na moduli ya unyumbufu wa chuma tunaichukua kuwa GPa 210. Kwa kuwa mizigo yetu iko kwenye kilonyutoni na mita, kila kitu lazima kihamie huko: 210 × 10⁶ mara 3892 × 10⁻⁸, sawa na kN·m² 8173. Gawa 116.28 kwa 8173 na unapata mita 0.0142, yaani milimita 14.2.

Kabla ya kuiamini, kadiria kwa njia nyingine. Mizigo yote 42 ikikusanywa katikati ya boriti, mnepo ungekuwa 42 × 6³/48 = 189 juu ya EI, yaani milimita 23.1, jibu lolote lililo juu ya hapo haliwezekani. Mizigo hiyohiyo ikitandazwa sawasawa juu ya boriti nzima, mnepo ungekuwa 5 × 42 × 6³/384 = 118 juu ya EI, yaani milimita 14.5. Mizigo yetu imetawanyika vya kutosha, kwa hiyo jibu la kweli linapaswa kuangukia jirani na namba hii ya pili, na limeangukia.

Jibu likiwa kubwa au dogo kwa mara kumi, mia au elfu kamili, tafuta kosa kwenye vipimo, na hasa kwenye sm⁴, kwa kuwa kuhama kutoka sentimita hadi mita kwa kipeo cha nne ni 10⁻⁸ na si 10⁻². Likiwa kubwa kwa mara 13 na kitu, kosa haliko kwenye vipimo. Hapo umesoma safu isiyo yake kwenye jedwali la vyuma na kuchukua mhimili dhaifu, ambao kwa IPE 240 una sm⁴ 284 tu, na boriti yako inaonekana kunepa karibu milimita 195.

Mwisho, mizigo ya mfano huu haikujumuisha uzito wa boriti yenyewe. IPE 240 ina uzito wa kilo 30.7 kwa mita, kama kN 0.30, nao unaongeza milimita 0.6. Ukiwekewa kikomo cha urefu kugawa kwa 360, yaani milimita 16.7, boriti inapita ikiwa na milimita 14.8.